Kisanduku cha Wiki ya Ishirini na Nane

Kwenye kliniki ya wajawazito ninakofanya kazi wananiita Sista Udongo, na jina hilo nimelichuma mwenyewe. Kila Jumanne nasimama mbele ya mabenchi na bonge la udongo wa kula mkononi, nawauliza kina mama: "Nani anautafuna huu? Msinifiche, midomo yenu naiona." Wanacheka, na wawili watatu wanajipangusa. Kisha nawaambia kwamba hamu ya udongo au chaki mara nyingi hufuatana na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Nawaambia udongo hauongezi damu, tena unaweza kuzuia chuma cha kwenye chakula na vidonge kisifyonzwe, na hakuna ajuaye umebeba minyoo gani au sumu gani. "Hamu si aibu," namalizia. "Ukiisikia, sema, upimwe damu."

Nasema vizuri sana. Muuguzi mkuu huwaleta wanafunzi wa uuguzi waje kunisikiliza.

Mdogo wangu alipopata mimba ya pili, mtoto wake wa kwanza alikuwa hata kutembea hajaimarika. Ni fundi cherehani, anashona kwenye kibaraza cha nyumba yake, mitaa miwili kutoka kwangu. Kwenye hudhurio la kwanza, mimba ikiwa na miezi mitatu, damu yake ilikuwa kumi nukta nne. Ilikuwa chini kidogo ya inavyotakiwa, si ya kutisha. Nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikamsomea somo langu lote la udongo peke yake, kama mheshimiwa.

"Udongo sili, dada," akasema. "Hata harufu yake siitaki."

Na kweli hakula. Alikula barafu. Alianza mwezi wa nne. Jumapili akija kwangu, kabla hajavua viatu ameshafungua friji. Alikaa jikoni na bakuli mapajani, anatafuna mpaka mimi meno yananiuma. Ikiisha trei moja anauliza kama ya pili imeganda. Nyumbani kwake alinunua maji yaliyogandishwa kwenye mifuko, akayavunja kwa nyundo ya shemeji yangu.

"Huyo mtoto atazaliwa amevaa koti," nikamwambia.

"Joto, dada. Wewe hujabeba mimba na cherehani kwa pamoja."

Nikacheka, na kila Jumamosi usiku nikajaza trei zote mbili ili akija kesho yake azikute. Barafu ni maji tu, nilijiambia. Na hapa sina pa kujificha, maana chuoni nilifundishwa kwamba barafu nayo imo kwenye orodha ile ile ya udongo na chaki, tena kwamba anayeitafuna kwa pupa ni wa kushukiwa upungufu wa chuma kuliko wengi. Niliandika hivyo kwenye mtihani na nikafaulu. Lakini darasa langu la Jumanne lilikuwa la udongo, na macho yangu yalikwishazoea kutazama midomo yenye vumbi.

Wiki ya ishirini na nane alitakiwa apimwe damu tena. Siku hiyo mabenchi yalijaa, na foleni ya maabara ilitoka nje ya mlango. Nikafanya kile tunachofanyiana sisi watu wa hospitali: nikamvuta mdogo wangu kwa mlango wa nyuma, nikamkalisha kwenye chumba cha wauguzi, nikampa kiti changu. Nilimpima presha na tumbo, tukasikiliza moyo wa mtoto. Ikabaki damu.

"Itabidi nikupeleke maabara," nikasema.

"Foleni ile? Dada, nina gauni la harusi halijapindwa."

Nikamvuta kope ya chini, nikaangalia kama ndani kuna wekundu wa damu. Niliona nilichotaka kuona. Nikamwambia aende, nitamtoa damu ya kupima Jumapili akija kwangu, na kwenye kadi yake, kisanduku cha wiki ya ishirini na nane, nikaandika kumi nukta tatu. Sikurudia kumi nukta nne. Nilishusha nukta moja ili ionekane imepimwa. Huo ujanja mdogo ndio unaoniamsha mpaka leo, kwa sababu mtu aliyechoka hasahau kwa ustadi namna hiyo.

Jumapili ilifika. Tulizungumza habari za gauni la harusi.

Wiki nne baadaye, saa nne asubuhi, shemeji alinipigia simu. Mke wake alikuwa ameinuka kutoka kwenye cherehani, akatembea hatua tatu, akaanguka. Walimleta kwa gari la jirani mpaka wodi ya wazazi, ng'ambo ya ua wa kliniki yetu. Nilikimbia na aproni yangu.

Alikuwa amelala ubavu, midomo haina rangi, anahema kama aliyepanda ghorofa tano. Moyo ulikuwa unapiga mara mia moja ishirini na nne kwa dakika. Tumbo lilikuwa linakaza na kuachia. Daktari wa zamu, kijana makini asiyependa maneno mengi, alikuwa anasubiri jibu la damu. Mtu wa maabara akalileta mbio: sita nukta mbili.

Daktari akafungua kadi ya kliniki, akaweka kidole kwenye mwandiko wangu.

"Wiki nne zilizopita alikuwa na kumi nukta tatu," akasema. "Leo sita. Damu haipungui hivyo hivyo. Imekwenda mahali."

"Hajatoka damu hata tone," shemeji akasema.

"Inaweza kuwa inavujia ndani. Kondo la nyuma likibanduka, damu inaweza kujificha nyuma yake."

Akampima kwa picha. Hakuona kitu, lakini hilo halikumtuliza, na alikuwa na haki: picha haionyeshi kila damu iliyojificha. Akaagiza sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, akaagiza damu, akamwambia muuguzi wa zamu apige simu chumba cha upasuaji.

"Ni wiki thelathini na mbili, najua," akasema. "Mtoto bado mchanga mno, na mama hana damu ya kupotezea kwenye kisu. Lakini kama anavuja nami nikasubiri, nitawakosa wote wawili."

Nilikuwa nimeshika mkono wa mdogo wangu. Nilijua kwamba daktari alikuwa anafikiri sawasawa kabisa, ila anafikiri juu ya namba isiyokuwepo. Kwamba moyo wangu ulimwendea mdogo wangu kwanza, ningependa sana kuandika hivyo. Haikuwa hivyo. Kwanza nilifikiria leseni yangu. Nilifikiria wanafunzi wanaoletwa kunisikiliza. Muuguzi akabonyeza namba za simu, akaanza kusema, "Halo, wodi ya wazazi hapa," ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Daktari, hiyo namba si ya kweli."

"Ipi?"

"Kumi nukta tatu. Sikumpima. Niliiandika tu."

Muuguzi akaiteremsha simu kifuani. Shemeji alinitazama kama anayesubiri nimalizie utani.

Daktari hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Akauliza, "Kwa hiyo kipimo cha kweli cha mwisho ni kile cha miezi mitatu?"

"Ndiyo. Na amekuwa akitafuna barafu tangu mwezi wa nne. Nimeona. Mimi ndiye niliyekuwa namgandishia."

Akamgeukia mdogo wangu, akavuta kiti. "Mama, barafu kiasi gani kwa siku?"

"Trei mbili nikiwa kwa dada," akasema kwa shida. "Na kwangu mifuko. Barafu isipokuwepo, nahisi... nahisi kama nitagombana na mtu."

"Na vidonge vya damu?"

Akanitazama kwanza, kama mtoto aliyevunja kikombe. "Vilinifunga choo. Niliacha. Sikutaka dada akasirike."

Daktari akaweka kiganja tumboni, akasubiri mkazo unaofuata. Tumbo likakaza, kisha likalegea kabisa, laini. Halikuwa na maumivu alipolibonyeza. Moyo wa mtoto uliendelea kugonga vizuri, bila kuyumba. Akampigia mtu wa maabara atazame damu yenyewe kwenye hadubini, naye akarudi kusema chembe nyekundu ni ndogo kuliko kawaida na zimepauka katikati. Hiyo si sura ya damu iliyomwagika asubuhi hiyo. Ni sura ya damu iliyokosa chuma miezi na miezi.

"Waambie wa upasuaji wakae tayari, lakini tusimpeleke," daktari akamwambia muuguzi. "Mpe chupa moja ya damu, taratibu sana, moyo wake umeshachoka. Akitulia tutampa chuma kwa dripu." Kisha akaniambia mimi, bila kuniangalia, "Bora umesema kabla ya kisu."

Walimchunga mpaka jioni. Tumbo likaacha kukaza lenyewe. Mapigo ya moyo yakashuka, na rangi ikaanza kurudi midomoni. Hawakumpasua.

Muuguzi mkuu aliniita ofisini kesho yake. Nilikwenda na barua yangu ya maelezo, nimeiandika mara tatu. Alikuwa na daftari la maabara mbele yake.

"Nilitaka kujua umefanya hivi kwa wangapi," akasema. "Nimelinganisha kadi zote za siku ile na daftari. Mlikuwa na wanawake thelathini na wanne. Waliopanga foleni wote wamepimwa, na namba zao ni sahihi." Akafunga daftari. "Asiyepimwa ni mmoja tu. Yule uliyempitisha mlango wa nyuma."

Alichukua barua, akanisimamisha kazi mpaka kamati ikae. Sikubisha. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile.

Nikaenda wodini nikiwa na nguo za nyumbani. Mdogo wangu alikuwa ameegemea mto, dripu inashuka, mkono mmoja juu ya tumbo. Shemeji aliponiona alitoka bila salamu, na ni haki yake. Nikaketi. Nikamwambia kila kitu upya, kwa mpangilio, kope niliyoivuta, nukta niliyoishusha. Nililia, jambo ambalo halikumsaidia yeye kwa chochote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifukuze. Kwa kweli nilitaka anifukuze.

"Mimi nilikuwa nakuja kwako kila Jumapili kwa ajili hiyo, dada," akasema. "Barafu hata kwangu ilikuwepo. Ile hamu ilinitisha, ila niliona aibu kuuliza kitu kidogo namna ile. Nikasema, nitakaa jikoni kwake nile mbele yake. Kama ni kitu kibaya, dada ataona."

Akafumba macho apumzike. Nikabaki nimekaa pale, nahesabu zile Jumapili.