Sare ya Kapilingi

Mwalimu mstaafu Chediel alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti pale Iguguno, alianza kwa kupanga viti vya ukumbi kwa urefu. Vifupi mbele, virefu nyuma. Wiki iliyofuata akaagiza madumu yote ya mafuta yageuzwe, maandishi yatazame barabarani. Wanachama walifurahi, maana mwenyekiti aliyepita hakuwa hata na saa ya mkononi. Felista, fundi wa kiwanda, naye alifurahi mpaka asubuhi ile Mwalimu alipoingia karakana akiwa amevaa kofia ngumu nyeupe ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Hebu nionyeshe hizi kapilingi."

Felista akamwonyesha. Kapilingi, akaeleza, ndiyo inayounganisha shafti ya mota na shafti ya mashine, ili mota ikizunguka mashine nayo izunguke. Kwenye mashine ya kukamulia ilikuwepo ya gia, chuma kinene chenye meno ndani, imejazwa grisi. Kwenye pampu ya mafuta ya moto ilikuwepo ya taya, vipande viwili vya chuma vinavyokumbatiana na mpira mwekundu katikati. Mashine ya kujazia chupa nayo ilikuwa na ya taya, ndogo, yenye mpira uliokwisha kuchoka. Kwenye parafujo refu linalopandisha alizeti kutoka ghalani, vipande viwili vya shafti viliunganishwa kwa bomba lililochomelewa na mtu ambaye hakuna aliyetaka kumtaja.

Mwalimu alitembea toka mashine hadi mashine mikono ikiwa nyuma, kama anakagua kucha za wanafunzi.

"Kila moja ina yake," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mwenyekiti. Kila moja ina mzigo wake."

"Hii ni vurugu, Felista."

Ilibainika kwamba mwezi uliopita Mwalimu alikwenda kwenye maonyesho ya mashine Dodoma. Huko muuzaji mmoja mwenye tai alimwonyesha kapilingi ngumu, ile isiyo na mpira, meno wala diski: bomba zito linalobana shafti mbili zikawa kama moja. Muuzaji alisema haiyumbi, haipindi, haihitaji grisi. Mwalimu aliposikia "haiyumbi" alihisi kwamba hatimaye amekutana na kifaa chenye maadili. Akaagiza nne, zote sawasawa. Muuzaji akamwongezea zawadi, kapilingi moja ya diski yenye vibati vyembamba vya chuma kisichoshika kutu, ing'aayo kama kikombe cha ubingwa. Hiyo Mwalimu aliiweka ofisini, ndani ya kabati la kioo, juu ya kitambaa.

"Mwenyekiti, hizi ngumu zinataka shafti mbili ziwe mstari mmoja kabisa, na zibaki hivyo," Felista alisema. "Kwa parafujo zitafaa, maana beringi zake zote zimekaa kwenye fremu moja na hakuna kinachosogea. Pampu je? Inapitisha mafuta ya moto. Chuma kikipata moto kinatanuka, pampu inanyanyuka, mota inabaki chini."

"Inanyanyuka kiasi gani?"

"Unene wa karatasi chache tu."

Mwalimu akacheka kwa upole, kama mtu aliyeshasikia visingizio vingi. "Karatasi! Lazaro, andika. Kapilingi zote ziwe za aina moja, na fundi azingatie nidhamu."

Lazaro, katibu wa chama, aliandika. Lazaro aliandika kila kitu. Hata mwenyekiti akikohoa, muhtasari ulisema mwenyekiti alisisitiza.

Felista alianza na parafujo. Alikata lile bomba la aibu, akasawazisha shafti, akafunga kapilingi ngumu, akawasha. Parafujo likazunguka kimya, mbegu zikapanda vizuri kuliko mwaka wowote. Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Mwalimu alikuwepo na aliona kwa macho yake.

"Umeona?" akasema. "Sasa pampu."

Kwenye pampu alifanya kazi siku nzima. Alipima kwa kipimo chenye uso wa saa, akaweka vibati vyembamba chini ya miguu ya mota, akapima tena hadi sindano ikatulia. Pampu ikiwa baridi, mstari ulikuwa safi. Mafuta ya moto yalipoanza kupita, aliweka kiganja kwenye mota akasikia mtetemo mdogo, kama mtu anayetetemeka kwa homa lakini anakana. Siku ya tatu beringi ya mota ikawa haishikiki kwa joto. Ya nne, sili ya pampu ikaanza kutema mafuta sakafuni. Ya tano, shafti ya pampu ikakatika pale pale mbele ya kapilingi. Kapilingi yenyewe haikuwa na hata mkwaruzo.

"Kapilingi ni nzima," Mwalimu alisema, akiitazama kwa fahari. "Shafti ndiyo iliyokosa nidhamu."

"Shafti imekuwa ikikunjwa na kunyooshwa kila mzunguko, Mwenyekiti. Kapilingi ilikataa kupinda, basi kikapinda kitu kingine."

Bodi iliitisha kikao cha dharura. Kwa kuwa kosa la ugumu lilikuwa limeonekana, wajumbe walikubaliana kwa kauli moja kwamba dawa ni ulaini. Mjumbe kutoka Kinyangiri, mfugaji ambaye kikao hicho kilikuwa cha kwanza kwake kusikia neno kapilingi, alitoa hotuba ndefu juu ya faida za mpira. Ikaamuliwa: kapilingi zote ziwe za taya na mpira, pamoja na ile ya mashine ya kukamulia.

Felista alinyoosha mkono. "Pampu sawa, mpira unaifaa. Unameza mtikisiko na unavumilia shafti ikihama kidogo. Mashine ya kukamulia ni jambo jingine. Pale nguvu ya mota inapita kwanza kwenye giaboksi, kwa hiyo shafti inazunguka polepole lakini kwa nguvu ya kutisha. Mashudu yakigandia ndani au jiwe likiingia, mshtuko wote unapita kwenye kapilingi. Ile ya gia ilikuwa inaubeba. Tatizo lake ni moja tu, inataka grisi."

"Na ni nani aliyekuwa hapaki grisi?" mjumbe mmoja akauliza kwa ukali.

"Hakuna. Nilikuwa napaka kila wakati. Ndiyo maana ni nzima mpaka leo."

Jibu hilo halikuwa na nafasi kwenye muhtasari, na Lazaro hakuliandika.

Kapilingi mpya ikaletwa. Aliyekwenda kuinunua alipima tundu lake kwa rula, likalingana na shafti, akarudi ameridhika. Mzigo hakuupima, maana mzigo hauonekani kwa rula. Felista aliifunga, na pampu akaiwekea shafti mpya na kapilingi yake ya zamani ya taya. Kisha ile ya gia aliifuta, akaijaza grisi safi, akaifunga kwenye gunia na kuisukuma chini ya meza ya kazi.

Asubuhi ya Jumatatu mashine ya kukamulia iliwashwa ikiwa na mashudu ya Jumamosi tumboni. Ikaguna, ikakwama, ikavuta. Harufu ya mpira unaoungua ikajaa banda zima, vipande vyekundu vikaanza kudondoka chini kama maganda ya nyanya. Mashine haikusimama hata hivyo, maana kapilingi ya taya ina tabia hiyo: mpira ukiisha, chuma kinapiga chuma. Kelele zilisikika hadi barabara kuu. Dereva mmoja wa lori aliegesha akaja kuuliza kama kuna msiba. Felista akazima.

Wakati huohuo Johari, anayesimamia mashine ya kujazia chupa, alikuja na chupa mbili za lita moja, kila moja mkono wake. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa mjini Singida na alijua macho ya wateja.

"Dada Felista, hebu tazama. Hii imejaa hadi shingoni, hii imeishia mabegani. Leo nimezipanga kwa ukubwa kama viti vya Mwalimu."

Felista alishika kapilingi ndogo ya mashine ile akaizungusha kwa vidole. Mota ilikwenda kidogo kabla ya upande wa pili kufuata. Mota hiyo huzungusha skrubu inayosukuma pistoni ya kupimia mafuta, mbele na nyuma kwa kila chupa. Kila ilipogeuza mwendo, mpira uliolegea ulikula kipande cha safari. Pale ilitakiwa kapilingi isiyolegea hata kidogo, lakini inayovumilia shafti zikipishana kwa unene wa unywele. Kwa maneno mengine, ilitakiwa ya diski. Na ya diski ilikuwa moja tu Iguguno nzima, kwenye kabati la kioo.

Alikwenda ofisini.

"Ile ni ya maonyesho," Mwalimu alisema.

"Mwenyekiti, chupa zetu zinatofautiana."

Mwalimu akanyanyua macho. "Zinatofautiana?"

"Hakuna mbili zinazofanana."

Hakuna neno lingine lililoweza kumwumiza vile. Alisimama, akafungua kabati mwenyewe, akaitoa kapilingi ile na kitambaa chake.

Tundu lake lilikuwa dogo kuliko shafti kwa milimita mbili. Felista aliipeleka mjini kwa Mselemu, fundi wa mashine ya kukereza chuma, aliyeipanua taratibu bila kugusa vile vibati vya diski. Alirudi nayo, akaibana kwa boliti zake, na Johari akajaza chupa ishirini. Zilisimama mezani kama gwaride. Mwalimu alipita mbele ya chupa hizo mara mbili.

Siku hiyohiyo, bila kumwuliza mtu, Felista alivuta gunia chini ya meza na kurudisha ile ya gia kwenye mashine ya kukamulia. Sasa kiwanda kilikuwa na aina nne: ngumu kwenye parafujo, taya kwenye pampu, gia kwenye mkamuo, diski kwenye chupa. Kila mashine ilifanya kazi, jambo lililoipa bodi wasiwasi mkubwa, kwa sababu azimio la kapilingi moja halikuwa limefutwa.

"Mkutano mkuu ni Alhamisi," Mwalimu alimwambia Felista kwa sauti ya chini. "Wanachama watakuja kukagua. Nitawaambia nini?"

Felista alimtazama. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mzee huyu hakuwa mkaidi tu, alikuwa anaogopa. Miaka thelathini na sita aliwaambia watoto jibu ni moja.

"Kapilingi inayozunguka wazi ni hatari, Mwenyekiti. Inaweza kukamata kanga au mkono. Zote zinatakiwa kuwa na kava, na kava zinaweza kupakwa rangi moja."

Mwalimu alifikiri. "Njano?"

"Njano ni nzuri."

Alhamisi wanachama walipita kati ya mashine, wakaona kava nne za njano, mpya, zimenyooka, wakapiga makofi. Mjumbe wa Kinyangiri alieleza jinsi alivyopigania suala hili tangu mwanzo. Lazaro akaandika kwamba azimio limetekelezwa kikamilifu. Kisha Mwalimu akapendekeza fundi apewe pongezi, ila jina alilotaja kwa bahati mbaya lilikuwa la yule muuzaji wa Dodoma.

Felista hakuyasikia makofi hayo vizuri. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mashine ya kukamulia, kava pembeni, umeme umezimwa na kufuli ya swichi mfukoni mwake, anaongeza grisi. Johari alikuja kumwambia wanamtafuta kwenye picha.

"Waambie nakuja," akasema, akaendelea kupampu grisi.