Makabati ya Fundi Astère

Nafisa alirithi duka la baba yake mjini Bujumbura, duka la vifaa vya ofisi na samani. Idara moja ya serikali huko Gihosha ilipotaka makabati na meza mpya, yeye ndiye aliyeshinda zabuni. Hakuwa na karakana, kwa hiyo akampelekea kazi Astère, fundi seremala wa Cibitoke aliyefanya kazi na baba yake tangu zamani. Walikubaliana kwa mdomo tu: serikali ikimlipa Nafisa, Nafisa atamlipa fundi. Astère akachukua mkopo kwenye koperative, akanunua mbao.

Makabati yalipofika, kamati ya mapokezi iliyafungua moja moja, ikavuta kila droo, ikasaini. Nafisa akapeleka ankara yake, na mkuu wa idara akaithibitisha kwa mhuri kwamba vitu vimepokelewa kama vilivyoagizwa. Nafisa alirudi dukani akiimba.

Kisha kimya.

Kila alipokwenda, Aloys, mhasibu wa idara, alimpokea kwa adabu. "Dossier iko kwa signature, mama. Vumilia kidogo." Mwezi wa sita ukapita, mwaka wa bajeti ukafungwa, na signature haikupatikana.

Safari hii Nafisa hakwenda kuuliza kwa mdomo. Aliandika barua, akataja humo namba ya bon de commande, ile hati ya agizo, na tarehe ambayo idara iliidhinisha matumizi. Akaambatisha nakala ya ankara yenye mhuri pamoja na ripoti ya mapokezi, kisha akagongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake mwenyewe. Aloys aliisoma barua yote, akaenda kutafuta faili. Aliporudi, uso ulikuwa umemshuka.

"Mama, sitakudanganya. Dossier ilikaa hapa kwetu mpaka mwaka ukafungwa. Sasa haiwezi kulipwa kwa bajeti ile. Lazima iingie kwa madeni ya zamani, wahakiki upya, ndiyo ipande Wizara ya Fedha."

"Kosa ni la nani?"

"Ni letu," Aloys alisema. "Barua yako itasaidia. Reference zote ziko."

Wiki hiyo hiyo Astère alikuja dukani. Alivua kofia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama Nafisa, watu wa koperative wananisumbua. Na kule mtaani wanasema serikali ilishalipa ma-fournisseur wote, wote walioiuzia vitu."

Nafisa alikuwa amechoka, na maneno yale yalimchoma. "Unataka kusema nimekula pesa yako?"

"Apana. Mi nauliza tu."

"Kama huniamini, nenda kawaulize mwenyewe!"

Astère alivaa kofia yake. "Na mimi nani atanifungulia mlango kule?" alisema polepole, akaaga.

Nakala ya barua ilikuwa ndani ya mkoba wa Nafisa, hapo hapo mezani. Hakuitoa. Alijiambia kwamba mtu aliyekula chakula cha baba yake alipaswa kumwamini bila kuonyeshwa ushahidi.

Malipo yaliingia benki baada ya miezi mingi. Siku hiyo hiyo Nafisa alipanda teksi hadi Cibitoke. Ndani ya karakana alikuta mtu akichomelea madirisha ya chuma. Mtu huyo akamwambia kwamba Astère aliuza mashine ya kuranda ili amalize mkopo, akahamia Rumonge kwa binti yake.

Nafisa akampigia simu, akamtumia fedha zote, na nyongeza juu. Astère alishukuru, akarudisha ile nyongeza.

"Nisamehe, mzee. Nilipaswa kukuonyesha barua niliyoiandikia idara."

"Kulikuwa na barua?" aliuliza Astère. Hapakuwa na hasira katika sauti yake. "Ningeipeleka koperative. Labda wangeningojea."

Nafisa alipompelekea Aloys risiti ya malipo, alimsimulia yaliyompata Astère. Mhasibu alitikisa kichwa. "Ungekuja naye tu, mama. Ningemwonyesha dossier yenyewe. Si siri."

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, idara ilileta agizo jingine. Mkuu alikuwa ameyapenda makabati, akataka mengine ya namna ile ile kwa ofisi za juu. Nafisa alimpigia Astère kwanza, akamwahidi malipo ya mbao kabla ya kazi.

"Asante, mwanangu," alisema fundi. "Lakini siku hizi mi nauza ndagala, visamaki vya ziwani. Tafuta kijana mwenye mashine."

Nafisa akatuma salamu kwa binti wa mzee na wajukuu, wakaagana vizuri. Akatafuta fundi mwingine, wakaandikishana mkataba. Makabati yalitoka mazuri pia, lakini hayakuwa ya Astère, na Nafisa hakwenda kuyaona yakipokelewa.