Nani Aliyemenya Viazi?

Mpwa wangu alikuwa ameshanichosha. Katika zoezi la kuchagua mwisho wa sentensi, nililowatungia wanafunzi wangu, sentensi ya Kiingereza ilianza, “Baada ya kumenya viazi,” bila kumtaja aliyemenya, naye akachagua, “sufuria ilibandikwa na mpishi.”

“Shangazi, si mpishi yumo?”

“Yumo mkiani! Weka kidole kwenye kinachotajwa kwanza baada ya mkato; kwa Kiingereza, hicho ndicho kilichomenya. Sufuria imemenya viazi?”

Akacheka, akafuta. Kidole kikapita majibu yaliyoanza na “maji” na “jiko”, kikasimama kwenye jibu nililolitunga mimi kuwa ndilo sahihi: “kazi ya mpishi ikawa rahisi.”

“Shangazi, kazi imemenya viazi?”

Nikamnyang’anya karatasi. Asubuhi ile nilikuwa nimelifokea darasa zima, eti hakuna hata mmoja aliyelipata swali hilohilo, rahisi namna hiyo.