Alhamisi ya Wakongo

Huguette alikuwa na orodha. Kila asubuhi kabla hajavua koti aliiandika, kwa sababu ndilo jambo la kwanza alilofundishwa siku aliyoanza staji yake, mafunzo ya kazi aliyotumwa na chuo, katika ofisi ile ya msaada wa sheria kwa wakimbizi, ghorofa ya pili, mtaa wa Albert Park, mbali na kwao Kongo. Aliyemfundisha ni wakili Kagendo, Mkenya asiyependa maneno mengi.

"Hapa utatumwa na kila mtu," Kagendo alimwambia siku hiyo. "Vikazi vidogo vidogo, ishirini kwa siku. Andika vyote. Kila kimoja jiulize: mwisho wake lini, na nisipokifanya nani ataumia? Kinachoumiza mtu leo, weka A. Kinachoweza kungoja kesho, B. Kinachoweza kungoja wiki, C. Halafu gawa siku vipande, kazi nzito asubuhi, simu zote pamoja, fotokopi zote pamoja. Na uache nusu saa tupu. Usimpe mtu hiyo nusu saa, maana siku haiishi bila shida. A mbili zikigongana, usijifanye shujaa. Njoo uniambie."

Huguette aliyashika yote, ila mawili ya mwisho hayakumwingia. Si mjinga, la. Tatizo ni kwamba alilelewa Uvira, Kongo, katika nyumba ambayo mkubwa akisema "njoo," unaacha hata chakula mdomoni. Mambo ya kumwambia mkubwa "nina kazi" ni ya watu wengine.

Alhamisi hiyo ya mwaka 2012 orodha yake ilikuwa na mistari kumi na minne. Juu kabisa, A: hati ya kiapo ya papa Sébastien, kama Wakongo wanavyomwita mzee wa heshima. Huyu alikuwa fundi viatu aliyenyimwa ukimbizi, na rufaa yake ilitakiwa ifike kwa faksi kabla ya saa nane mchana. Ikichelewa, basi, afungashe virago. Huguette aliipa hati hiyo kipande cha saa mbili hadi saa nne, kuandika maelezo yake kwa Kiingereza. Saa nne hadi nne na nusu, tupu. Nne na nusu hadi tano, kuwapigia simu wateja ambao vibali vyao vilikuwa vinaisha wiki hiyo. Saa tano papa Sébastien anakuja, wanakwenda wote kituo cha polisi, anatia saini mbele ya afisa, wanarudi, faksi inatoka. Baada ya hapo fotokopi, bahasha, stempu, kupanga kabati.

Mstari wa mwisho uliandikwa: kibali changu, C, kesho.

Sasa hapo ndipo mtu angetaka kumtikisa mabega. Kibali chake cha mwomba hifadhi kilikuwa kinaisha kesho, Ijumaa. Lakini msichana huyu alikuwa amepanga foleni ya vibali miaka tisa, tangu yuko shule, miezi mitatu kwa miezi mitatu, wakimpenda miezi sita. Moyo ulikuwa umeota sugu. Hakuogopa tena wala hakutumaini. Kazi za watu zilikuwa na watu wanaolia mbele ya meza. Yake haikuwa na mtu, akaiweka chini.

Alimaliza hati dakika tano kabla ya saa nne. Akashusha pumzi. Ndipo mlango ukafunguka na papa Vénérand akaingia, mwenyekiti wa umoja wa wazee wa Kongo, kofia mkononi.

"Binti yangu, iko barua moja kidogo tu. Ya matanga ya mama mmoja kule Greyville. Unipigie chapa kwa kompyuta, haitakawia."

Barua ya matanga ikawa na majina ya familia nzima, na papa alikuwa akikumbuka mjomba mmoja kila mstari ukiisha. Eish. Nusu saa ile tupu ikaenda na wajomba. Papa akambariki, akaondoka kifua mbele kama aliyetimiza wajibu. Heshima si utumwa, wanasema wenyewe, ila siku hiyo sijui ilikuwa nini.

Saa nne na nusu Huguette alishika simu. Mteja wa kwanza hakupokea. Wa pili ni mama Antoinette, msusi wa nywele.

"Mama, kibali chako kinaisha kesho," Huguette alisema.

"Ndiyo, nitaenda kesho, mtoto wangu."

"Hapana, mama, kesho watakurudisha. Wakongo ni Alhamisi tu. Ni leo. Geti la ofisi ya vibali linafungwa saa tano. Acha vyote, chukua taksi."

Maneno yale alikuwa ameyasema mara mia. Yeye ndiye aliyeandika tangazo lililobandikwa ukutani nyuma ya kiti chake: kila nchi na siku yake ya kupeleka vibali. Akakata simu. Akatazama orodha, mstari wa kumi na nne. Tarehe ya kibali kuisha ndiyo aliyoiandika kuwa mwisho, badala ya siku ya kukipeleka. Kosa ambalo hata mteja mgeni angekemewa kwalo, na yeye ndiye mkemeaji. Mganga hajigangi.

Saa ya ukutani ilionyesha nne na dakika arobaini. Kutoka pale hadi getini, ukikimbia, robo saa.

Mlango wa Kagendo ulikuwa wazi. Alikuwa anakunywa chai, anasoma faili. Ingetosha sentensi moja. Kagendo angempeleka Sébastien polisi yeye mwenyewe. Huguette alilijua hilo kabisa. Alingoja moyo umsukume, kama mtu anayengoja chafya. Moyo haukusukuma kitu. Akamtazama wakili, akaona mkubwa anakunywa chai yake, akaona haifai kumsumbua.

Akampigia mteja wa tatu.

Saa tano papa Sébastien alifika na shati lililopigwa pasi. Wakaenda polisi, wakasubiri, mzee akaapa, akatia saini, afisa akagonga muhuri. Saa saba na dakika hamsini mashine ya faksi ilitoa karatasi ya kuthibitisha kwamba kurasa zote zimefika. Mzee alimshika Huguette mikono miwili, akalia. Huguette alimtazama akilia, akakumbuka kwamba stempu bado.

Jioni Kagendo aliipitia orodha, kama kawaida yake. Kumi na tatu zilikuwa zimekatwa mstari.

"Umefanya vizuri," alisema. Kisha kidole chake kikasimama chini kabisa. "Hiki ni kibali cha nani?"

"Changu, madam."

Kagendo aligeuka akatazama tangazo ukutani. Akakaa.

"Ulijua saa ngapi?"

"Saa nne na dakika arobaini."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo."

Kagendo hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Alisema kesho asubuhi watakwenda wote getini kuomba, na huenda wakakataliwa. Alisema wafadhili wa ofisi hawaruhusu mtu asiye na kibali halali kukaa kwenye meza ile, hata kwa siku moja, kwa hiyo kuanzia Jumatatu asije kazini mpaka kipatikane. Staji ilikuwa imebaki wiki tatu, na chuo kinahesabu siku. Huguette aliitikia kila jambo kwa kichwa.

"Njoo huku," Kagendo alisema, akimwonyesha benchi la wateja.

Huguette alihama. Kutoka benchini meza ilionekana kubwa kuliko alivyoizoea. Kagendo alichukua faili jipya, akaandika jina, nchi, tarehe ya kuingia, namba ya kibali. Halafu akasoma swali la tano, lile ambalo Huguette mwenyewe alikuwa akiwauliza watu kila siku.

"Sababu ya kuchelewa?"

Huguette alitafuta sababu. Foleni? Ugonjwa? Kwa wengine siku zote kulikuwa na kitu cha kuandika. Ghafla woga ukampanda mzimamzima, woga wa miaka tisa.

"Sikusema," alijibu.

Kagendo akaandika hivyo hivyo.