Mkono Ambao Haukupimwa

Fundi Dominique alikuwa na amri moja ambayo kila aliyejifunza kushona kwake, pale mtaani Panda, aliikariri mpaka ikamchosha: mwanadamu ana mikono miwili, na yote miwili hupimwa. Aliwakemea vijana kwa jambo hilo hadi wengine wakamwona mzee msumbufu. Ndiyo maana inauma kusema kwamba yeye mwenyewe, baada ya miaka thelathini na moja ya kukanyaga cherehani, ndiye aliyeivunja amri hiyo, tena kwa mama wa bibi arusi.

Tuseme ukweli, siku ile hata malaika angekosea. Kitambaa cha familia kilifika Jumatatu kutoka Lubumbashi, na ndoa ilikuwa Jumamosi. Jumanne asubuhi wanawake tisa wa ukoo wa bibi arusi wakajaa kwenye chumba chake kidogo cha kushonea, kila mmoja na kipande chake cha kikwembe kilekile chenye majani ya kijani, kila mmoja akitaka apimwe wa kwanza. Mmoja alitaka mgongo uwe wazi, mwingine akamwambia kanisani hawaendi kuota jua. Dominique alipima huku akiandika, akiandika huku akijibu, penseli ikihama kutoka sikioni kwenda mdomoni.

Mama Hortense aliingia wa mwisho. Alikuwa mjane, karani wa shule ya msingi, na bibi arusi, Angèle, ndiye mtoto wake pekee. Alikuwa amevaa sweta nene kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba, juu yake amejitanda shali upande wa kushoto, na mkoba umening'inia kwenye mkono huohuo. Hakuuweka chini.

"Papa Dominique, pima mbiyo," alisema. "Gari iko inaningojea."

"Toa kwanza sweta, Mama. Nitakosa mesures."

"Baridi, Papa. Punguza tu kwa macho."

Naye akapunguza kwa macho. Kifuani akatoa sentimita nne za sweta. Mama akamnyooshea mkono wa kulia kabla hajaombwa, na fundi akaufunga futi sehemu ya juu, karibu na kwapa, akasoma thelathini na nne. Kifundo cha mkono, kumi na nane. Urefu kutoka begani, hamsini na sita. Kisha, badala ya kwenda upande wa pili, akaandika chini ya namba zile neno moja: sawa. Maana yake, mkono wa pili kama huu. Mama Hortense alishukuru haraka, akatoka.

Alhamisi asubuhi alirudi kujaribu. Alikuja peke yake, saa ambayo wengine walikuwa sokoni, akaingia nyuma ya pazia. Dominique alisikia kitambaa kikichakarisha, kikanyamaza, kikachakarisha tena. Halafu akasikia mtu akivuta pumzi kama aliyejigonga.

"Mama? Iko sawa?"

Mama Hortense akalisogeza pazia mwenyewe. Fundi aliona blauzi imekaa vizuri kifuani na begani, mkono wa kulia umeingia wote, na mkono wa kushoto umekwama chini kidogo ya kiwiko. Nyama yake ilikuwa imejaa, ngozi imevutika na kung'aa, kuanzia vidoleni mpaka juu. Ungedhani ni mkono wa mtu mwingine, mnene zaidi, umeshonewa pale.

Dominique alitazama daftari lake mezani. Kosa lile alilijua hata kabla ya kulifungua.

"Ni minye," alisema. "Sikupima huu."

"Hapana. Ni minye nilikuficha." Mama Hortense aliketi kwenye benchi, blauzi bado imemning'inia nusu. "Mwezi wa tatu, ku Lubumbashi, docteur alikata titi ya kushoto. Akatoa na vile bitu bya mu kwapa, tezi. Tangu pale mukono njo unavimba. Hapa mu libaya," akagusa kifua cha blauzi, "niliweka kitambala, kusudi ionekane matiti mawili."

"Na Angèle?"

"Hajue. Alizani nilienda kutembelea dada. Iko anafundisha ku Kolwezi, haonake kitu. Ndoa yake alishaisukuma mara moja, juu ya matanga ya baba yake. Akijua hii, ataisukuma tena, ataniambia, Mama, nitakuuguza kwanza. Namujua mwana yangu." Akaufuta uso kwa kiganja cha kulia. "Papa Dominique, kama libaya haiingie, minye sitaenda. Nitasema niko na malaria."

Hapo ndipo fundi alipoona jinsi alivyomfunga mwanamke yule. Kuvaa nguo nyingine haikuwezekana. Mama wa bibi arusi akikosekana kwenye kitambaa cha familia, upande wa mume husema hataki ndoa, na maneno hayo humfuata binti mpaka kwenye ubatizo wa watoto wake. Na kubaki nyumbani ni vibaya zaidi. Yote hayo kwa sababu ya neno moja, sawa, aliloliandika ili amalize haraka. Alijichukia, na hakuona haya kujichukia mbele ya mteja.

"Usiseme malaria," alisema. "Simama, nikupime vile nilipashwa kukupima."

Alikata nyuzi za mshono wa chini ili mkono utoke bila kuvutwa. Kisha akapima upande wa kushoto taratibu, bila kukaza futi: juu, arobaini na tatu. Kifundo cha mkono, ishirini na tatu. Mkono wa nguo alikuwa ameukata thelathini na nane, yaani ile thelathini na nne pamoja na nafasi nne za kupumua. Akiba aliyoacha ndani ya mshono ilikuwa sentimita moja moja kila upande, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kidogo. Hata akiifumua yote asingefika popote.

"Hii arobaini na tatu," aliuliza, "iko hivi siku yote?"

Mama Hortense akamtazama, akashangaa kwamba mtu ameuliza. "Hapana. Asubuhi iko mudogo. Mangaribi inakuwa mukubwa."

"Basi urudi leo saa kumi na moja. Ndoa haiishake asubuhi."

Saa kumi na moja alirudi, na futi ikasoma arobaini na sita. Dominique aliongeza sita za nafasi, kwa sababu Mama alisema docteur amekataza nguo yoyote inayokaza mkono ule. Hamsini na mbili. Kwa zile thelathini na nane alizokata, zilipungua kumi na nne, na kitambaa kilikuwa kimekwisha.

"Kwiko cha kichwa," Mama alisema.

Kilemba. Kipande cha yadi moja, kimekunjwa ndani ya mkoba. Mama anayekwenda kwenye ndoa ya mwanawe bila kilemba cha kitambaa kilekile naye huonekana, lakini huonekana vizuri kuliko asiyekwenda.

Ijumaa fundi hakupokea mtu mwingine. Kipande cha mstari mnyoofu kisingefaa, maana mkono ungepanuka na tundu la kwapa lingebaki dogo, kisha nguo ingembana palepale penye kovu. Kwa hiyo alichora kwa chaki umbo refu lenye tumbo: kwenye kifundo upana wa kumi na moja, likipanuka mpaka kumi na nne kwapani, halafu likishuka ubavuni sentimita kumi na mbili na kuishia kwa ncha. Aliongeza moja moja ya mshono kila ukingo. Akafumua mshono wa chini ya mkono wote, akafumua ubavu kiasi kilekile, akalaza majani ya kipande yaelekee juu kama ya nguo, akapiga bandi, mshono wa muda, kwa uzi mweupe kwanza ili aone linavyoanguka.

Lilianguka vizuri. Ila sasa mkono mmoja ulikuwa mpana na mwingine mwembamba, na macho ya watu ndoani hayana huruma. Hapo akakata kipande cha pili, sawa na cha kwanza, akakitia kwenye mkono wa kulia ambao haukuwa na haja nacho. Kilemba kikabaki mabaki ya kutosha kufungia maandazi. Mishono yote aliilaza wazi pande mbili, akaifunika ndani kwa utepe laini ili isikwaruze ngozi, akaipiga pasi ya makaa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mama Hortense alipovaa jioni, mkono uliingia bila kusita. Aliuinua, akaushusha, akauinua tena. Kisha akalia, na fundi akageuka akajifanya anatafuta sindano.

Jumamosi Dominique alifika kanisani mapema, kwani alikuwa amealikwa na alitaka kuona kazi yake kwenye mwanga. Mama Hortense alisimama karibu na ngazi, amefunga kichwani kitambaa cheupe, mikono yote miwili mipana, sawasawa. Shangazi mmoja alishamwuliza fundi bei ya mtindo ule. Hakuna aliyeona kitu, na Dominique akaanza kupumua.

Gari la bibi arusi likafika. Angèle akashuka na gauni lake jeupe, akamwona mama yake, na badala ya kumfuata mjomba aliyekuwa tayari kumwingiza, akamkimbilia mama, akamshika kwa nguvu mkono wa kushoto.

Vidole vyake vikazama ndani ya kitambaa kipana, vikaufikia mkono. Dominique, hatua tatu tu kutoka pale, aliona uso wa binti ukibadilika. Macho yote ya watu fundi alikuwa ameyafungia mlango; kiganja cha mtoto hakukifikiria.

"Mama, hii mukono iko na nini?"

"Twende kwanza, mwana. Bantu banangojea."

"Tangu siku gani?"

Mama Hortense akatazama huku na huku, akakosa pa kukimbilia. "Tangu mwezi wa tatu. Docteur alikata titi."

Ndani kinanda kilikuwa kimeanza. Parfait, bwana arusi, alisimama mbele kabisa, shingo imegeuka kuelekea mlangoni. Mjomba alisogea kuuliza kuna nini, Angèle akamzuia kwa mkono.

"Ungeniambia, singeolewa leo," alisema.

"Njo sababu sikukuambia."

Angèle aliinama, machozi yakamwagika juu ya maua. Fundi aliogopa kwamba atageuka arudi garini, na wakati huo angetoa cherehani yake asigeuke. Lakini binti alimpa mjomba maua ayashike. Akauinua mkono wa mama yake polepole, akauliza kama unauma hivi, akauliza kama hivi ni nafuu, mpaka akapata mahali pa kuupumzisha, juu ya bega lake mwenyewe.

"Weye njo utaniingiza," alisema. "Na tutaenda pole-pole."

Wakaingia. Mkono wa nguo, kwa upana wake, ukateleza kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, na watu wa pande zote mbili waliokuwa wamesimama wakauona mkono uliovimba, waziwazi, chini ya taa za kanisa. Dominique alinyoosha kidole bila kukusudia, kama mtu anayetaka kurekebisha nguo kwa mbali. Mama Hortense hakuushusha.