Siku Zilizochomolewa Ukutani

Lusia alikuwa na banda la steshenari pale Mwanjelwa, na kifurushi chake cha intaneti kilikuwa kinakwisha jioni hiyo hiyo. Kesho wanafunzi wangeanza kumiminika kuomba vyuo, na hela ya kulipia mwezi mwingine hakuwa nayo. Ndiyo maana alikuwa ofisini kwa watu wa mtandao, mkoba magotini, akimtazama kijana wa dawati anavyosoma barua yake.

“YAH: KUOMBA KURUDISHIWA SIKU ZANGU. Mwezi huu mtandao umekatika mara tatu, na kila mara taa ya kifaa imekuwa nyekundu kama jicho la mnywa ulanzi. Kwa jumla nimekosa siku tisa. Sidai fidia ya wateja waliohamia kwa jirani, ingawa jirani amenenepa. Naomba siku zangu tu, ziongezwe kwenye kifurushi.”

Kijana huyo, Kalinga, mtu wa Iringa kwenye pombe hiyo ya mianzi, alikunja midomo asicheke.

“Shikamoo, mama.”

“Umeshaniamkia mlangoni. Unataka kuniamkia mpaka kifurushi kiishe?”

Kalinga akageukia kompyuta. “Ni kweli, wachimba mtaro walikata waya wa mtaa wenu mara zote tatu. Lakini mafundi waliunga mapema. Siku zilizopotea kwetu ni nne. Hizo tano laini ilikuwa nzima, ila kifaa chako hakionekani. Kama hakina umeme vile.”

Lusia akafunga na kufungua mkoba. Taa ikishakuwa nyekundu, yeye huchomoa kifaa ukutani. Umeme wa Luku ananunua mwenyewe. Ng'ombe asiyetoa maziwa utamlisha pumba za nini?

“Mlipomaliza kuunga, mlinipigia?”

“Hatupigi, mama. Taa inageuka kijani yenyewe.”

“Itageukaje, na mimi nimeichomoa?”

Kalinga akaacha kuandika. “Uliichomoa?”

“Niliichomoa. Nikakaa nasubiri simu yenu kama mchumba.”

Safari hii kijana alicheka, na mzee aliyekuwa anasubiri nyuma naye akacheka. “Hizo tano siwezi, mama. Nne namwomba mkubwa azipitishe sasa hivi, maana kukatika kwenyewe kumeandikwa humu.”

Lusia akapiga hesabu kimoyomoyo. Siku nne za waomba vyuo zingemlipia mwezi. Akaivuta barua, akakata “tisa” akaandika “nne”, akatia sahihi pembeni. “Nisije nikasemwa.”

Kalinga akampa nakala yenye muhuri, akaingia chumba cha ndani. Alipotoka, simu ya Lusia ilikuwa imeshatoa mlio wa ujumbe: siku zimeongezwa.

Bandani akachomeka kifaa, akakisubiri mpaka taa ikawa kijani. Kisha akabandika karatasi juu ya soketi, kwa herufi kubwa: USICHOMOE. HATA WEWE, LUSIA.