Mwezi wa Bure wa Wanzagi

Mimi sina subira na mashine, na sina subira na mtu anayepigapiga mashine. Siku ile katika duka langu la kuchapa na kuskani, Mwisenge, nilikuwa na vyote viwili. Kompyuta ilikuwa imegoma, na mume wangu Wanzagi alikuwa akiipiga makofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Mteja alikuwa Rhobi, binti aliyemaliza chuo cha ualimu, ametoka Butiama asubuhi kuja kuomba kazi mtandaoni. Maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni hiyohiyo. Vyeti vyake nilikuwa nimeshaviskani, vimo ndani ya kompyuta. Kila tukifungua ukurasa wa maombi, tunaandikiwa kwamba muunganisho si salama.

"Ni mtandao," Wanzagi alisema. "Upepo wa ziwani ukigeuka, unasumbuaga."

Nikapandisha kirauta, kile kifaa cha kuleta mtandao, juu ya kabati. Nikakishusha, nikakiweka dirishani, nikampigia simu kijana wa kampuni ya mtandao nikamfokea mpaka nikasikia aibu. Akaniambia kwa upole kwamba kwake kila kitu kiko sawa. Kweli, simu yangu, kwa mtandao uleule, ilikuwa inaonyesha kwaya vizuri tu bila kukwama. Nikataka tuvihamishie vyeti humo, maana picha za simu hawazipokei, lakini waya wangu ni wa kuchaji tu, na barua pepe nayo kwenye kompyuta ilileta onyo lilelile.

"Na ile ya kuzuia virusi nayo inakataaga kujisasisha," nikasema. "Tangu lini, Baba Esther?"

Wanzagi akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Rhobi hakuwa anatusikiliza. Machozi yalikuwa yanamlenga, maana nyumbani walikuwa wameuza ng'ombe wawili ili asome, na huu ni mwaka wa pili anakaa bila kazi. Akabonyeza mahali pa kuonyesha maelezo ya lile onyo, akasoma polepole.

"Mama, inasema cheti cha huu ukurasa hakijaanza kutumika."

"Vyeti vyako?"

"Hapana, cha ukurasa wenyewe. Ni kama kitambulisho chake, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kinaanza mwezi uliopita." Akashusha macho kwenye kona ya skrini. "Lakini hii kompyuta iko Juni ya mwaka jana."

Kumbe kompyuta ilikuwa inaletewa kitambulisho ambacho kwa kalenda yake hakijatolewa bado, inakikataa kama askari mwaminifu. Nikamgeukia mume wangu.

"Mama Esther," alisema, "usikasirike kwanza."

Nilikuwa nimeshakasirika. Ikabidi aseme. Ile programu yake ya kutengeneza kadi za harusi ni ya majaribio, bure mwezi mmoja. Mwezi ukikaribia kuisha, yeye huirudisha tarehe nyuma, na ameizima saa isijirekebishe yenyewe. Mwezi wake wa bure ulikuwa na zaidi ya mwaka.

"Sasa irekebishe."

"Nikirekebisha, programu inakufa. Na kadi za sendofu ya kumuaga bibi harusi, Dotto wa Bunda, sijamaliza. Wanazifuata kesho."

"Baba," Rhobi alisema kwa sauti ndogo, "saa tisa imeshapita."

Wanzagi alimtazama yule binti, akatazama kadi zake, akaruhusu saa ijirekebishe. Tarehe ikaruka, ukurasa ukafunguka bila onyo lolote. Papo hapo masasisho ya mwaka mzima yakaanza kumiminika, kompyuta ikaomba ijizime na kujiwasha. Sisi watatu tukasema "baadaye" kwa pamoja. Vyeti vikapanda, namba ya maombi ikaja, Rhobi akanikumbatia na kulia begani kwangu.

Programu ya kadi nayo ilifunguka mara moja tu, kutangaza kwamba muda umekwisha. Wanzagi alikaa mbele yake kama mtu aliye msibani.

"Mimi nina mwandiko," Rhobi akamwambia. "Nilikuwaga naandika matangazo ya chuo."

Akaziandika kwa mkono zilizobaki, kwa wino wa bluu, herufi zimejipinda vizuri. Watu wa Bunda walizichukua, wakasema hawajawahi kuona kadi za kifahari hivyo. Sasa hakuna anayetaka kadi ya kompyuta. Rhobi anakuja kila wiki, foleni inafika mlangoni, na Wanzagi amejinunulia viatu.

Juzi Rhobi aliingia anaruka. Ameitwa kwenye usaili, Jumatatu. Nilipiga vigelegele, kwa kweli nilifurahi kama ni Esther wangu.

Wanzagi alimpongeza, akaitazama foleni ya kadi, kisha akauliza kama hiyo Jumatatu haiwezi kurudishwa nyuma.